Kabla Hamjamkata Mshahara Mkataji, Angalieni Tandiko

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani alinifuata barazani na karatasi ya mshahara mkononi. Anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Mombasa, chumba cha kukatia. Kazi yake ni kushika mashine ya kisu. Mwezi uliopita fulana za michezo 600 zilitoka fupi kwa sentimita mbili, mnunuzi akazikataa, na meneja akatoa amri mkataji akatwe pesa.

“Ami,” akaniambia, “mimi nilifuata mstari. Wallahi sikutoka nje ya mstari hata kidogo.”

Nikamuuliza swali moja tu. “Hizo fulana zilikuwa fupi zote, au za chini ya tandiko peke yake?”

“Zote, Ami. Ya juu na ya chini ni sawasawa.”

“Na upana je?”

Akafikiri kidogo. “Upana ulizidi. Si sana, lakini ulizidi.”

Kabla ya kushika kalamu, niliwahi kusimama kwenye meza ya aina hiyo, na majibu hayo mawili yalinitosha. Kosa lile halikufanywa na kisu. Lilikuwa limeshafanyika kabla mashine haijawashwa. Leo nataka kueleza nilijuaje, kwa sababu vijana wetu wengi wako katika viwanda hivi vya EPZ, na lawama ya chumba cha kukatia huangukia kwa aliyeshika mashine, ilhali kitambaa chenyewe kina ushahidi wa nani alikosea.

Tuanze na kazi yenyewe. Fundi wa mtaani hukata nguo moja kwa mkasi. Akikosea, ameharibu nguo moja. Kiwandani kitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka kwenye meza ndefu, pengine matabaka 100, kisha hukatwa yote kwa pamoja. Rundo hilo tuliite tandiko. Juu yake huwekwa karatasi ndefu iliyochorwa vipande vyote vya nguo, mgongo, kifua, mikono, vikiwa vimepangwa kwa kubanana ili kitambaa kisipotee. Mafundi huiita karatasi hiyo maka. Kwa hiyo mstari mmoja ukikosewa, umekosewa mara 100.

Sasa chukua oda kama ile ya kijana wetu, fulana 1,200. Maka imepangwa fulana sita kwa pamoja: moja ndogo, mbili za kati, mbili kubwa na moja kubwa zaidi. Urefu wake ni mita nne na nusu. Ukigawa 1,200 kwa sita unapata matabaka 200. Hayo hayakatwi kwa mara moja. Kitambaa cha fulana cha kawaida, ukikilaza matabaka 100, kitapanda kama sentimita saba, na huo ni urefu ambao mkataji anaweza kuumudu bila kisu kuyumba. Basi yatakuwa matandiko mawili ya matabaka 100, na kila tandiko litatoa fulana 600. Ndiyo maana hasara ya kijana ilikuwa 600 kamili: tandiko moja zima liliharibika.

Kitambaa cha fulana si sawa na cha shati. Cha shati kina nyuzi zilizonyooka zikipishana, na ukikivuta hakiendi mbali. Cha fulana ni vitanzi vilivyoshikana, kwa hiyo kinavutika na kinarudi. Kinapokuja kiwandani kimezungushwa kwenye jora kwa nguvu ya mashine, na ndani ya jora kimekaa kimevutwa. Ukikifungua asubuhi na kukitandika papo hapo, umetandika kitambaa ambacho bado hakijapumzika. Kawaida iliyo salama ni kukifungua kutoka kwenye jora, kukilaza kwa mikunjo mipana isiyo na uzito juu yake, na kukiacha saa 24 kabla ya kukitandika. Siku hiyo moja ndiyo ya kwanza kurukwa meli inapokaribia kuondoka bandarini.

Baada ya kupumzika, kinatandikwa. Kwenye meza huwekwa alama mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Umbali kati yao ni urefu wa maka ukiongeza nafasi ndogo kila mwisho, tuseme sentimita mbili. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kulaza ncha 100 zikalingana kama ukuta. Lakini ikizidi ni pesa inayomwagika. Watandikaji wakizoea kuacha sentimita tano badala ya mbili, kila tabaka limepoteza sentimita sita zaidi. Zidisha kwa 100, ni mita sita. Fulana moja hula takribani robo tatu ya mita, kwa hiyo umetupa kitambaa cha fulana nane kwa tandiko moja bila kugusa kisu.

Watandikaji husimama wawili, mmoja kila upande wa meza. Wanashika ncha ya kitambaa na kutembea nayo hadi alama ya mwisho, huku jora likizunguka kwenye chuma chake nyuma yao. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Jora likiwa zito, au chuma chake kikiwa kigumu kuzunguka, kitambaa kinavutika njiani. Mtandikaji mzuri huenda mbele na jora, akalizungusha kwa mkono ili kitambaa kije kikiwa kimelegea. Akifika mwisho hakivuti kikaze. Hukirudisha nyuma kidogo, kisha hulaza ukingo wa upande mmoja ulingane na ukingo wa matabaka ya chini. Ukingo ni mmoja tu. Upana wa majora haufanani, na ukijaribu kulinganisha pande zote mbili utakuwa unakivuta kitambaa kwa upana. Upande wa pili uachwe uende unapoenda, mradi maka ilichorwa kwa upana wa jora lililo jembamba kuliko yote.

Mikunjo na mifuko ya hewa huondolewa kwa kupitisha rula ndefu ya mbao juu ya kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mguso mwepesi. Anayeondoa mkunjo kwa kushika ncha na kuipiga kama anayetandika shuka kitandani, huyo amekivuta.

Sasa tazama hesabu ya kijana wetu. Tuseme kila tabaka lilivutwa kwa asilimia tatu tu. Kwa macho huwezi kuona, kitambaa kinaonekana kimelala vizuri, tena kimenyooka kuliko kawaida. Maka ikawekwa juu, mkataji akafuata mstari, akatoa kipande cha sentimita 70. Kipande kile kikawekwa kwenye fungu lake, kikapumzika usiku mzima, kikarudi kwenye hali yake. Ukigawa 70 kwa 1.03 unapata karibu 68. Sentimita mbili zimeondoka, na hakuna aliyekata vibaya.

Na kwa nini upana ulizidi? Vuta soksi kwa urefu uone. Inakuwa ndefu na nyembamba. Ukiiachia, inafupika na kutanuka. Kitambaa cha fulana hufanya vivyo hivyo. Kilichokatwa kikiwa kimevutwa kwa urefu kitarudi kifupi na kipana. Hiyo ndiyo alama ya kosa la kutandika: kipande kifupi, kipana, na tabaka la juu sawa na la chini. Kisu hakiwezi kutengeneza alama hiyo hata ukikipa mlevi.

Kuna njia ya kulikamata kosa hili mapema. Tandiko likikamilika, liache kama nusu saa, kisha tazama ncha zake dhidi ya alama za mezani. Zikiwa zimerudi ndani, kitambaa kilikuwa kimevutwa. Katika mfano wetu tabaka lingerudi karibu sentimita 13 kama lingekuwa peke yake mezani. Katika tandiko, matabaka hushikana kwa uzito na hayarudi yote, lakini ya juu, ambayo hayana mzigo, yataanza kutambaa. Ukiona ncha za juu zimeacha alama na za chini ziko palepale, usikate. Mwite msimamizi, na matabaka yainuliwe, yaachwe yalegee, yalazwe upya. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, lakini fulana 600 zilizokataliwa huchukua faida ya oda nzima.

Sasa tuje kwa kisu, maana nacho kina makosa yake, na mkataji hana budi kuyajua ili asikubali yasiyo yake wala kukana yaliyo yake.

Mashine hii ni ya zamani. Kampuni ya Eastman ya mji wa Buffalo, Marekani, ilianza na mashine ya umeme ya kukatia nguo mwaka 1888, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Juu kuna mota na mpini. Kutoka kwenye mota kinashuka kisu kirefu kilichonyooka, kinachopanda na kushuka kwa kasi, mara 2,800 au zaidi kwa dakika. Chini kabisa kuna bamba jembamba lenye magurudumu madogo, ambalo huteleza juu ya meza chini ya tandiko. Kisu huchaguliwa kwa urefu wa tandiko, kikizidi kwa sentimita tatu hivi. Mashine nzima ina uzito wa kilo 15 hivi, lakini si ya kusukuma kwa nguvu. Mkono mmoja unaiongoza kwa mpini. Mkono mwingine, uliovaa glavu ya nyavu za chuma, unagandamiza kitambaa kwa upole kando ya njia ya kisu. Glavu hiyo si pambo. Kinga ya kisu nayo hushushwa hadi karibu igusane na tabaka la juu, ili ubapa usibaki wazi. Kiwanda kisichotoa glavu kinacheza na vidole vya watoto wa watu.

Jambo la kwanza kwa mkataji ni kusimamisha kisu wima. Bamba likikaa sawa mezani, kisu kitasimama. Lakini mkataji akichoka huuegemea mpini, au kipande cha kitambaa kikiingia chini ya bamba, na mashine inalala kidogo. Ikilala kwa nyuzi mbili tu, katika tandiko la sentimita saba tabaka la chini litatofautiana na la juu kwa milimita mbili na nusu hivi. Ikilalia nje pande zote mbili za kipande, tofauti ya upana inakaribia nusu sentimita. Alama yake ni wazi: la juu ni sahihi, la katikati limezidi kidogo, la chini limezidi zaidi. Ukiona ngazi ya namna hiyo, hilo ni kosa la mkono na mashine, wala mtandikaji asiguswe.

La pili ni kusukuma. Kisu kikiwa butu, mkataji hutia nguvu, na badala ya kukata, kinayapeleka matabaka mbele kama mawimbi. Mashine nyingi zina mikanda midogo ya kunolea iliyofungwa papo hapo. Unabonyeza, inashuka na kupanda, kisu kinakuwa kikali. Fanya hivyo kabla ya kila mkato mrefu, usingoje uone kingo zina manyoya. Na kama kitambaa kina mchanganyiko wa poliesta, kisu butu kina ubaya mwingine. Kinapata moto, nyuzi zinayeyuka, na kingo za matabaka zinagandana kama zimepakwa gundi. Hapo punguza idadi ya matabaka, noa, na ukate kwa vipindi.

La tatu ni pembe na mikunjo ya mstari. Ubapa una upana wa takribani sentimita tatu, na kitu chenye upana hakigeuki mahali padogo. Kwenye pembe mkataji mzuri hageuzi. Anaingia kwa mstari mmoja mpaka penye pembe, anatoka, kisha anaingia kwa mstari wa pili wakutane. Shingo ya fulana haipaswi kumaliziwa kwa mashine hii. Kata nje ya mstari ukiacha nafasi, kisha kipeleke kipande kwenye mashine ya kisu cha mkanda, ile ambayo kisu kimetulia mahali pamoja na kitambaa ndicho kinachosogezwa. Ukiona mabega yako sawa na mgongo uko sawa, lakini shingo ya chini haifanani na ya juu, mtu alilazimisha kona.

Mpangilio nao una maana. Tandiko hubanwa kwa vibanio kabla ya kuanza, na vipande vidogo hukatwa kwanza, wakati uzito wa tandiko bado uko palepale kukishikilia kitambaa kisitembee. Ukianza na migongo na vifua, vipande vidogo vitabaki kama visiwa, na kila bamba likipita chini yake vinasogea. Zile alama ndogo za mkato zinazomwonyesha mshonaji wapi pa kukutanisha mkono na bega hukatwa mwisho, kwa kina cha nusu sentimita hivi. Zisivuke nafasi ya mshono, la sivyo zitakuwa matundu kwenye nguo.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila chumba hukitupa, nacho ndicho shahidi bora kuliko wote: karatasi ya maka iliyokatwa pamoja na kitambaa. Karatasi haivutiki. Ukichukua kipande cha karatasi cha mgongo, ukakiweka juu ya kitambaa cha tabaka la juu siku ya pili, utapata jibu. Kama karatasi imekatwa sawasawa juu ya mstari, na kitambaa kilichokuwa chini yake ni kifupi kuliko karatasi, mkataji yuko safi. Kama karatasi yenyewe imekatwa nje au ndani ya mstari, hapo ana la kujibu.

Basi ushauri wangu kwa wasimamizi ni huu, na haugharimu shilingi. Kila tandiko likishakatwa, toa mgongo mmoja wa juu, mmoja wa katikati na mmoja wa chini, pamoja na karatasi yake. Vipime siku hiyo, vipime tena kesho yake vikiwa vimepumzika, kabla mafungu hayajaenda kwa washonaji. Andika vipimo kwenye daftari pamoja na majina ya waliotandika na aliyekata. Tandiko la kwanza la oda likionyesha ufupi, la pili bado halijatandikwa, na nusu ya oda inaokoka.

Kwa kijana wetu nilimwambia aulize kama karatasi za tandiko lile bado zipo. Alirudi baada ya siku tatu. Mfagiaji alikuwa amezihifadhi kwenye gunia akitaka kufungia vitu dukani kwao. Zilikutwa zimekatwa juu ya mstari, sentimita 70, na migongo ya fulana 68. Alizipeleka kwa msimamizi. Mpaka ninapoandika, pesa hazijarudishwa, ila ameahidiwa kikao.

Katika kikao hicho ningependa wakumbuke kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika endapo uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mkataji aliyefuata mstari juu ya kitambaa kilichovutwa na wengine hana makusudi, na kwa kweli hana hata kosa. Watandikaji nao, kabla hawajageuziwa lawama, waulizwe: jora lilipewa saa 24 za kupumzika, au mtu aliye juu yao aliamuru lifunguliwe na kutandikwa asubuhi ileile?

Kijana alinijibu swali hilo kabla sijamaliza kuliuliza. Majora yalishushwa kwenye lori saa moja asubuhi, na saa tatu tandiko lilikuwa mezani.